Hedhi zinaruka, ndevu zinaota: ni PCOS au ni adrenali? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwanamke aliyeambiwa ana PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi, lakini hajawahi kupimwa homoni iitwayo 17-OHP. Kipimo hicho ni cha damu ya kawaida, na ndicho kinachotenganisha PCOS na ugonjwa mwingine unaofanana nayo karibu kwa kila kitu: upungufu wa kimeng'enya cha adrenali unaojitokeza ukubwani. Mara nyingi hakiagizwi kabisa. Na kikiagizwa, damu huchukuliwa saa isiyofaa au siku isiyofaa ya mzunguko, jibu likatoka la kupotosha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inahusu kipimo hicho.

Upungufu huu ni nini hasa?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kukabili ugonjwa, njaa na mshtuko. Kotisoli haitengenezwi kwa hatua moja. Tezi huanza na kolesteroli, kisha vimeng'enya kadhaa huibadilisha hatua kwa hatua mpaka kotisoli ipatikane. Kimoja kati ya vimeng'enya hivyo ni 21-haidroksilezi, na maelekezo ya kukitengeneza yamo kwenye jini la CYP21A2, katika kromosomu ya 6.

Mwenye tatizo hili amerithi nakala mbili zenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa kuwa angalau nakala moja ina kasoro nyepesi, kimeng'enya hakikosekani. Kipo, ila kinafanya kazi kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 50 hivi. Kiasi hicho huwatosha wengi kupata kotisoli ya kawaida. Taabu iko kwenye malighafi inayokisubiri kimeng'enya hicho, ambayo ndiyo 17-OHP. Ni kama maji ya mfereji uliozibwa nusu: hujaa nyuma ya kizuizi, kisha hutafuta njia ya pembeni. Njia ya pembeni hapa ni kutengeneza androjeni, homoni ambazo wanaume wanazo kwa wingi. Hizo androjeni ndizo zinazootesha nywele kidevuni, kuleta chunusi na kuvuruga upevukaji wa mayai.

Usichanganye hali hii na ile nzito ya ugonjwa huohuo, inayoonekana tangu kuzaliwa na inayoweza kumuua mtoto mchanga kwa kupoteza chumvi. Hii nyepesi huanza kuonekana utotoni, karibu na balehe au baadaye, na wapo wanaoishi nayo bila kujua mpaka watafute mtoto.

Kwa nini inachanganywa na PCOS?

Kwa sababu vigezo vinavyotumika kutambua PCOS vinamchukua hata mwenye ugonjwa wa adrenali. Vigezo vya Rotterdam vya mwaka 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au vipimo vya androjeni kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Mwanamke mwenye upungufu wa kimeng'enya anaweza kuwa navyo vyote vitatu. Androjeni zinazotoka adrenali huziathiri ovari, nazo huanza kuonekana na vifuko vilevile.

Lakini vigezo hivyo vina sharti ambalo husahaulika: magonjwa mengine yanayoleta dalili hizo yaondolewe kwanza. PCOS ni jina linalobaki baada ya mengine kukataliwa. Kwa maoni yangu, kumwandikia mtu PCOS bila kupima 17-OHP, prolaktini na homoni za tezi ya shingo ni kukata shauri mapema mno.

Kati ya wanawake wanaokwenda hospitali kwa dalili za androjeni kuzidi, takriban 4 kwa 100 hukutwa na upungufu huu. Maana yake wengi walioambiwa wana PCOS kweli wanayo. Hao wanne, hata hivyo, hawatajulikana kwa kuangaliwa tu.

Hakuna dalili ya kunitofautisha bila kipimo?

Ya kutegemewa, hakuna. Zipo za kukutilia shaka: vinywele vya sehemu za siri au kwapani vilivyoota kabla ya miaka 8, dada au ndugu wa karibu mwenye shida ileile, mimba zilizotoka mara kwa mara, au wazazi wenye undugu wa damu. Unene haukatai wala haukubali, ingawa mwanamke mwembamba mwenye nywele nyingi na sukari nzuri ni wa kumwangalia mara mbili.

Wingi wa nywele nao hautofautishi. Daktari anaweza kukupa alama katika maeneo tisa ya mwili, kuanzia mdomo wa juu hadi mapaja, kila eneo kutoka 0 hadi 4. Alama hizo zinaeleza ukubwa wa tatizo na zinafaa kufuatilia matibabu. Hazisemi androjeni zimetoka wapi.

17-OHP inapimwa lini?

Asubuhi na mapema, kabla ya saa mbili, na kati ya siku ya 3 na ya 5 ya hedhi ukihesabu siku damu ilipoanza kuwa ya kwanza. Masharti haya mawili ndiyo yanayoamua kama jibu lina maana.

Saa ni muhimu kwa sababu adrenali hufanya kazi zaidi alfajiri. Ubongo hutuma homoni ya ACTH kuziamsha, malighafi hupanda, kisha mchana kutwa hushuka. Mwenye ugonjwa huu anaweza kuwa juu saa moja asubuhi na kuonekana mzima kabisa saa nane mchana. Jibu la mchana likiwa zuri, usilichukue kuwa limeukanusha ugonjwa.

Siku ya mzunguko ni muhimu kwa sababu ya kinyume chake. Yai likishapevuka, ovari yenyewe hutoa 17-OHP pamoja na projesteroni. Mwanamke asiye na ugonjwa wowote akipimwa siku ya 21 anaweza kuvuka kiwango na kutishwa bure.

Hedhi yangu huja baada ya miezi miwili au mitatu. Hiyo siku ya 3 nitaipata wapi?

Kuna njia mbili. Ya kwanza, daktari akishahakikisha huna mimba anaweza kukupa vidonge vya projestini kwa siku chache, ukiviacha damu inatoka, na unahesabu kuanzia hapo. Ya pili ni rahisi zaidi: damu ichukuliwe asubuhi yoyote, na katika sampuli hiyohiyo ipimwe projesteroni. Projesteroni ikiwa chini, yai halijapevuka karibuni na jibu la 17-OHP linasomeka. Zikiwa juu zote mbili, mara nyingi ni ovari inayosema, na kipimo kirudiwe.

Kuna dawa zinazoharibu kipimo?

Zipo, na hapa watu wengi hupotea. Steroidi yoyote, yaani dawa inayofanya kazi kama kotisoli, inaweza kuzituliza adrenali na kushusha 17-OHP mpaka ionekane ya kawaida. Watu hukumbuka kutaja vidonge. Wanasahau sindano ya goti au bega, dawa ya kuvuta ya pumu, na hasa krimu za ngozi. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali, hata pale ambapo lebo haisemi, na ikipakwa mwili mzima kwa miezi huingia kwenye damu ya kutosha. Mwambie daktari kila unachopaka. Na usiiache ghafla kwa ajili ya kipimo kama umeitumia muda mrefu: adrenali zilizolala hazirudi kazini siku moja, na unaweza kuugua vibaya. Muulize daktari namna ya kuipunguza.

Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hutuliza homoni za ovari na kuficha sehemu ya picha. Ikiwezekana, kipimo kifanyike kabla ya kuvianza.

Jibu limetoka. Nalisomaje?

Kwanza tazama kizio. Maabara moja huandika ng/mL, nyingine ng/dL, nyingine nmol/L. Kiwango kilekile kinaweza kuandikwa 2 ng/mL, 200 ng/dL au 6 nmol/L. Nimeona watu wakilinganisha 200 ya karatasi moja na 2 ya karatasi nyingine na kudhani homoni imepanda mara mia.

Chini ya 2 ng/mL, ikiwa saa na siku vilizingatiwa, ugonjwa huu hauelekei kuwepo, ingawa wachache sana huponyoka. Zaidi ya 10 ng/mL, ugonjwa unaonekana wazi. Walio katikati ndio wanaohitaji kipimo cha pili, kile cha kuchochea adrenali.

Jambo moja la maabara: mashine zinazotumia kingamwili wakati mwingine huhesabu homoni nyingine zinazofanana na 17-OHP, jibu likapanda kidogo kuliko ukweli. Njia ya spektrometa ya masi ni sahihi zaidi. Jibu likikaa mpakani, inafaa kuuliza lilipimwa kwa njia gani.

Kipimo cha kuchochea kinafanywaje?

Asubuhi unachukuliwa damu ya kwanza. Kisha unachomwa sindano ya ACTH ya kutengenezwa, mikrogramu 250, na baada ya dakika 60 unachukuliwa damu ya pili. Basi. Sindano hiyo inaziamuru adrenali zifanye kazi kwa nguvu zote kwa muda mfupi. Kimeng'enya kikiwa kizima, malighafi hupita na kuwa kotisoli. Kikiwa dhaifu, 17-OHP huruka juu.

Tuseme kuna mwanamke wa miaka 26. Hedhi yake huja kila baada ya siku 50 hadi 70, ananyoa kidevu kila baada ya siku mbili, na ultrasaundi ilionyesha vifuko vingi. Ameandikiwa PCOS na kumeza metformini mwaka mzima bila mabadiliko ya maana. Anapimwa 17-OHP saa tisa alasiri: 1.6 ng/mL. Karatasi inasema ni kawaida, na jambo linaishia hapo. Baadaye daktari mwingine anauliza damu ilichukuliwa saa ngapi. Inarudiwa saa moja na nusu asubuhi, siku ya 4 ya hedhi: 4.8 ng/mL. Iko katikati, kwa hiyo anachomwa ile sindano. Baada ya dakika 60, 17-OHP ni 18.6 ng/mL, na kotisoli imepanda vizuri. Kwa kuwa imepita 10, ugonjwa umethibitishwa, na kotisoli hiyo inasema pia kwamba mwili wake unaweza kukabili mshtuko bila msaada. Ultrasaundi yake haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maana yake.

Ingekuwa imepanda hadi 5 au 6 tu, huenda angekuwa mbebaji wa nakala moja, jambo ambalo si ugonjwa, na PCOS ingebaki kuwa jibu lake. Majibu yakikaribia mpaka, kupima jini la CYP21A2 husaidia kuamua. Kipimo hicho ni kigumu kwa maabara kwa kuwa pembeni ya jini hilo kuna nakala isiyofanya kazi inayofanana nalo sana, na mashine ikikosa umakini husoma isiyo yenyewe. Ndiyo sababu huanza damu, jini likafuata.

Nikithibitishwa, lazima nimeze steroidi maisha yangu yote?

Hapana, na hapa ndipo napenda kuwa mkali kidogo. Kwa kuwa tatizo ni la adrenali, inaonekana ni sahihi kuzituliza kwa steroidi. Lakini kama shida yako ni nywele na mpangilio wa hedhi, steroidi si dawa bora. Hupunguza nywele kidogo kuliko dawa zinazozuia androjeni kwenye ngozi, na zikizidi huleta unene, sukari na mifupa dhaifu.

Kinachotangulia kwa kawaida ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, kama huna sababu ya kuvikwepa kama vile historia ya damu kuganda au kipandauso chenye dalili za macho. Hupanga kutokwa damu, na huongeza protini inayoikamata testosteroni kwenye damu ili isifike kwenye mizizi ya nywele. Baada ya miezi 6 hivi, kama nywele bado zinakusumbua, huongezwa spironolaktoni, mara nyingi miligramu 50 hadi 200 kwa siku. Dawa hii haimezwi bila njia ya uhakika ya kuzuia mimba, kwa sababu inaweza kuvuruga maumbile ya mtoto wa kiume tumboni.

Subira ni sehemu ya matibabu. Unywele uliokwisha kuwa mnene na mweusi haurudi kuwa laini kwa wiki mbili. Mzunguko wake ni wa miezi. Dawa huzuia mipya isikomae, na iliyopo huondolewa kwa leza, umeme, nta au wembe. Kunyoa hakufanyi nywele ziwe nyingi wala nene, kwa hiyo usijinyime.

Nataka kushika mimba. Mambo yanabadilika?

Ndiyo. Hapa steroidi zina nafasi yake. Wengi wenye hali hii hushika mimba bila dawa yoyote, na anayepata hedhi kwa mpangilio hana sababu ya kuanza nayo. Ila yai lisipopevuka, haidrokotisoni ya miligramu 15 hadi 20 kwa siku, iliyogawanywa mara mbili au tatu, au prednisoloni kidogo, hushusha androjeni na kuirudisha ovari kazini.

Kuna kizuizi kingine ambacho wagonjwa wachache huelezwa. Adrenali zenye shida hii humwaga pia projesteroni wakati ambapo haipaswi kuwepo, yaani kabla yai halijapevuka. Utando wa mfuko wa uzazi unakuwa mwembamba na ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito, mbegu zikashindwa kupita. Mwanamke anayepevusha yai lakini hashiki mimba apimwe projesteroni mwanzoni mwa mzunguko. Ikiwa juu, dozi haitoshi. Na haidrokotisoni isipofungua njia, huongezwa dawa za kupevusha yai kama letrozoli au klomifeni, zilezile za PCOS.

Deksamethasoni iepukwe na anayetafuta mimba. Haidrokotisoni na prednisoloni kondo la nyuma huzivunja kabla hazijamfikia mtoto kwa wingi. Deksamethasoni hupita moja kwa moja. Kama ndiyo unayomeza sasa, zungumza na daktari kabla ya kuanza kutafuta mtoto.

Hatari ya mimba kutoka ni kubwa zaidi kwa wasiotibiwa, na baadhi ya tafiti zimeona wanaotumia haidrokotisoni wakipoteza mimba chache zaidi. Kwa aliyekwisha poteza mimba, ni hoja ya kuongea na daktari wake.

Mtoto wangu anaweza kuzaliwa na ule ugonjwa mzito?

Anaweza, ila inategemea mambo mawili: aina ya nakala zako na za mwenzi wako. Zaidi ya nusu ya wanawake wenye hali hii nyepesi wamebeba nakala moja nyepesi na moja nzito. Tuseme wewe ni mmoja wao na mwenzi wako hajapimwa. Takriban mtu 1 kati ya 60 ni mbebaji wa nakala nzito. Uwezekano wa wewe kumpa mtoto nakala nzito ni nusu, wa mwenzi wako kuwa mbebaji ni 1 kwa 60, na wa yeye kuitoa ni nusu. Ukizidisha, unapata 1 kwa 240. Tafiti zilizofuatilia watoto waliozaliwa zimekuta idadi kubwa kuliko hesabu hiyo, karibu 1.5 hadi 2.5 kwa kila 100.

Mwenzi akipimwa jini na kukutwa si mbebaji, hatari hiyo karibu inafutika. Akikutwa nayo na wewe una nakala nzito, inakuwa 1 kwa 4, na mnahitaji mshauri wa mambo ya urithi kabla ya mimba. Ndiyo maana jini, ambalo si la lazima kwa kutambua ugonjwa, huwa la lazima mnapopanga kuzaa.

Nikifanyiwa upasuaji au nikiugua malaria kali, niko hatarini?

Kama humezi steroidi na kotisoli yako ilipanda vizuri baada ya sindano, huhitaji dozi ya ziada. Mpaka hutegemea mashine ya maabara, kwa kawaida kati ya mikrogramu 14 na 18 kwa desilita. Ikiwa haikufika hapo, au unameza steroidi kila siku, basi unahitaji kuongezewa wakati wa homa kali, ajali au upasuaji, na wahudumu waambiwe mapema. Ukitapika vidonge vyako vya steroidi, nenda hospitali ukachomwe sindano. Usingoje kesho.

Ni wakati gani nishuku kitu kingine kabisa?

Ugonjwa huu huja polepole, kwa miaka. Sauti ikiwa nzito ndani ya miezi michache, nywele za utosini zikapukutika kama za mwanaume, misuli ikajaa au kisimi kikakua, fikiria uvimbe wa ovari au wa adrenali. Testosteroni inayozidi 150 ng/dL nayo huamsha shaka hiyo. Hapo picha ya tumbo huagizwa mara moja, bila kusubiri siku ya 3 ya hedhi.

Ndugu zangu nao wapimwe?

Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya 1 kwa 4 kuwa na nakala zote mbili kama zako. Dada mwenye hedhi zinazoruka, chunusi sugu au nywele za kidevuni apimwe. Mtoto wa kike au wa kiume anayeota vinywele vya siri mapema, au anayerefuka haraka kuliko rika lake, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa, kwa sababu mifupa yake inaweza kukomaa kabla ya wakati na urefu ukakatika. Kaka aliyekwisha kukua kwa kawaida hana dalili yoyote, na hahitaji dawa. Kwake sababu ya kupimwa ni moja tu, nayo ni kujua nakala alizobeba kabla hajapata watoto.